Ankara Iliyokatwa na Kuandikwa Upya: Kiasi Kipi Ndicho cha Kulipwa?

Maduka mengi ya katikati ya jiji la Nairobi bado huandika ankara kwa mkono, katika kitabu chenye karatasi ya kaboni, hata pale ambapo ankara ya kodi hutolewa kupitia mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA). Kalamu ikikosea, au bidhaa zikipungua stoo, tarakimu hukatwa na nyingine kuandikwa juu yake. Ankara hiyo ikifika Kangemi, Kawangware au Lavington, anayelipa hubaki akijiuliza alipe kiasi kipi.

Wengi hujibu kwa mazoea. Wapo wanaolipa tarakimu iliyoandikwa mwisho, wapo wanaolipa ile inayosomeka vizuri, na wapo wanaochagua iliyo ndogo. Hakuna hata moja kati ya njia hizo iliyo salama. Sahihisho ni tamko la aliyetoa ankara kwamba alichoandika kwanza hakikuwa sawa. Tamko hilo lina uzito iwapo linajulikana limetolewa na nani, lini na kwa sababu gani, na iwapo linalingana na mapatano ya pande mbili pamoja na bidhaa zilizopokelewa.

Mfano ulio hapa chini umetungwa kwa ajili ya somo hili.

Ankara yenye jumla tatu

Kikundi cha kina mama wa Kangemi kinaezeka upya chumba cha watoto wa chekechea. Kimepata kwotesheni, yaani orodha ya bei iliyoandikwa na muuzaji kabla ya kuuziana, kutoka duka la vifaa vya ujenzi karibu na River Road. Kikundi kimekubali bei hizo na kuagiza vitu hivi:

- Mabati 40 kwa shilingi 1,200 kila moja: 48,000
- Mbao futi 300 kwa shilingi 45 kila futi: 13,500
- Misumari ya mabati kilo 8 kwa shilingi 250 kila kilo: 2,000
- Usafirishaji hadi Kangemi: 3,500

Jumla ni shilingi 67,000.

Gari linapofika, dereva anampa mhazini ankara yenye alama nyingi. Kwenye mstari wa mabati, 40 imekatwa kwa mstari mmoja na juu yake imeandikwa 36. Vivyo hivyo 48,000 imekatwa na kuandikwa 43,200. Kando yake kuna herufi mbili za jina na tarehe.

Mstari wa mbao una alama za namna nyingine. Bei ya futi ilikuwa 45, lakini 5 imepitishwa kalamu mpaka ikawa 8. Kwenye kiasi, 13,500 imegeuzwa kuwa 14,400 kwa kuandika tarakimu mpya juu ya zile za zamani. Hapana herufi za jina wala tarehe.

Chini kabisa, jumla ya 67,000 imekatwa na kuandikwa 62,200, nayo ina herufi zilezile za jina. Kisha 62,200 pia imekatwa, na pembeni imeandikwa 63,100 bila sahihi yoyote. Sehemu ya kiasi kwa maneno bado inasema "Elfu sitini na saba tu."

Mhazini ana jumla tatu kwenye karatasi moja. Akilipa 63,100 kumbe deni halali ni 62,200, wanachama watamuuliza kuhusu shilingi 900. Akilipa 62,200 kumbe deni ni 63,100, duka litasema kikundi hakijamaliza kulipa.

Kutenganisha tabaka za kalamu

Kazi ya kwanza ni kujua kilichoandikwa kwanza na kilichofuata. Kukata kwa mstari mmoja kuna faida kubwa, kwa sababu tarakimu ya zamani inabaki ikisomeka. Mhazini anaona kwamba palikuwa na 40 na sasa pana 36. Ndiyo maana wahasibu hufundishwa kukata kwa mstari mmoja, kuandika tarakimu sahihi juu au kando, kisha kuweka herufi za jina na tarehe, na kutofuta kwa wembe wala kupaka rangi nyeupe.

Tarakimu iliyopitishwa kalamu juu ya nyingine huficha ushahidi huo. 5 iliyogeuzwa 8 haisemi wazi ilikuwa nini. Inaweza kudhaniwa ni 3 au 6, au 8 iliyoandikwa vibaya tangu mwanzo. Baadhi ya tarakimu hugeuka kwa urahisi: 1 huwa 4 au 7, 3 huwa 8, na 0 huwa 6 au 9. Karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga wa dirisha, sehemu zenye wino wa mara mbili huonekana nzito zaidi. Ikigeuzwa na kupapaswa kwa kidole nyuma, mahali palipokandamizwa mara mbili huwa na mfereji mzito. Aidha, 8 yenye shaka inaweza kulinganishwa na 8 nyingine kwenye ankara hiyohiyo, kama ile ya "Kilo 8" katika mstari wa misumari. Mkono mmoja huandika 8 zake kwa mtindo mmoja.

Uchunguzi huu unaonyesha kwamba tarakimu imebadilishwa. Hauonyeshi kwamba mabadiliko yalikuwa ya udanganyifu, wala hauonyeshi nani aliyeyafanya. Huenda bei ya mbao ilipanda wiki hiyo na mhudumu wa duka akaona arekebishe papo hapo. Kwa sababu hiyo mhazini hana haja ya kumlaumu mtu. Anahitaji kujua ni tarakimu gani inayosimama.

Hesabu husaidia, lakini haitoshi

Hatua ya pili ni kukokotoa kila mstari upya. Mabati 36 kwa 1,200 ni 43,200. Mbao futi 300 kwa 45 ni 13,500, na kwa 48 ni 14,400. Misumari ni 2,000 na usafirishaji ni 3,500.

Kwa bei ya 45, jumla ni 43,200 na 13,500 na 2,000 na 3,500, yaani 62,200. Kwa bei ya 48, jumla ni 63,100. Zote mbili zinajumlika bila kasoro. Hata 67,000 inajumlika, ikiwa mabati yanahesabiwa kuwa 40.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Mtu hupiga hesabu, akaona 63,100 inalingana na mistari iliyo juu yake, akaridhika. Hesabu inayolingana inaonyesha tu kwamba aliyebadilisha bei alikumbuka kubadilisha na jumla. Swali linalobaki ni kama alikuwa na haki ya kubadilisha bei, na kikokotoo hakiwezi kulijibu.

Karatasi zinazoamua

Swali hilo hujibiwa na karatasi nyingine tatu. Ya kwanza ni kwotesheni au oda, ambayo huonyesha bei iliyokubaliwa. Kwotesheni ya duka inasema futi moja ya mbao ni shilingi 45, na kikundi kiliikubali kama ilivyo. Kama duka lilitaka bei mpya, lilipaswa kuieleza na kukubaliwa kabla mbao hazijapakiwa. Bei haibadilishwi na upande mmoja kwa kalamu baada ya mapatano.

Karatasi ya pili ni hati ya kupokelea bidhaa, ile ambayo mpokeaji hutia sahihi gari linaposhusha. Hati hii huonyesha idadi. Mama aliyepokea alihesabu mabati na kuandika 36 kabla ya kutia sahihi. Sahihisho la kwanza kwenye ankara kwa hiyo lina shahidi nje ya ankara yenyewe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inasema muuzaji akileta bidhaa pungufu kuliko mapatano, mnunuzi anaweza kuzikataa. Akizipokea, atazilipia kwa bei ya mapatano. Kikundi kimepokea mabati 36, basi kinalipia 36 kwa 1,200. Mabati manne yaliyosalia hayalipiwi mpaka yaletwe, na yakiletwa yatakuwa na ankara yake.

Karatasi ya tatu ni nakala iliyobaki katika kitabu cha duka. Muuzaji akisahihisha ankara ikiwa bado ndani ya kitabu, na kaboni iko mahali pake, sahihisho hupita hadi kwenye nakala. Likifanywa baada ya ukurasa wa juu kuchanwa, nakala hubaki kama ilivyokuwa. Mhazini analiomba duka limtumie picha ya nakala hiyo kwa simu. Picha inaonyesha 40 iliyokatwa na 36 juu yake, 43,200, na jumla ya 62,200, pamoja na herufi za jina, vyote kwa rangi ya kaboni. Kwenye mbao inaonyesha 45 na 13,500 zikiwa safi. 63,100 haipo.

Sasa jibu liko wazi. Sahihisho la mabati lina sahihi na tarehe, linaungwa mkono na hati ya kupokelea, na lipo kwenye nakala ya duka. Badiliko la bei ya mbao halina sahihi, linapingana na kwotesheni, na halipo kwenye nakala. Kiasi halali kilichosahihishwa ni shilingi 62,200, ingawa kwenye karatasi aliyo nayo mhazini kiasi hicho kimekatwa. Mstari uliopita juu yake haukiondolei nguvu, maana haujulikani ni wa nani.

Vipi kuhusu kiasi kwa maneno?

Wapo watakaosema maneno hushinda tarakimu, kwa hiyo kikundi kilipe elfu sitini na saba. Kanuni hiyo ipo, lakini si ya ankara. Imo katika Sheria ya Hati za Fedha, Sura ya 27, inayohusu hundi na hati nyingine za namna hiyo. Hundi ikiwa na maneno yasiyolingana na tarakimu, kiasi kinacholipwa ni kile cha maneno.

Ankara ni dai la malipo. Maneno yaliyo chini yake ni ushahidi wa alichokusudia mwandishi alipoyaandika. Katika mfano huu yaliandikwa asubuhi, kabla ya stoo kugundua kwamba mabati yamepungua, na aliyesahihisha tarakimu akasahau kuyagusa. Yana umri sawa na 67,000 ya kwanza, na yamepitwa na wakati pamoja nayo. Kinyume chake, kama maneno yangekuwa "Elfu sitini na mbili na mia mbili tu", yangekuwa shahidi mzuri dhidi ya 63,100. Tarakimu moja hugeuzwa kwa mkwaju mmoja wa kalamu, lakini neno "mbili" haligeuki kuwa "tatu" bila kuonekana.

Ankara ya kodi haisahihishwi kwa kalamu

Hali hubadilika duka likiwa limekwisha kutoa ankara ya kodi kupitia eTIMS. Ankara hiyo ina namba yake na msimbo wa QR, na taarifa zake hufika KRA. Mtu akichapisha karatasi yake na kukata 67,000 kwa kalamu, karatasi itabadilika lakini KRA itaendelea kuona 67,000. Muuzaji atahesabiwa mauzo ambayo hakuyafanya, na mnunuzi mfanyabiashara ataonyesha gharama ambayo hakuilipa.

Marekebisho hapo hufanywa kwa krediti noti, yaani hati inayopunguza kiasi cha ankara ya awali na kuitaja kwa namba yake. Katika mfano huu krediti noti itakuwa ya mabati manne kwa 1,200, sawa na shilingi 4,800. Ukiondoa 4,800 kutoka 67,000, hubaki 62,200. Iwapo duka limesajiliwa kwa kodi ya VAT na bei zake zina VAT ya asilimia 16 ndani yake, kodi iliyo ndani ya hiyo 4,800 ni shilingi 662.07, nayo hurekebishwa kwa hati hiyohiyo. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 inaweka muda wa miezi 6 wa kutoa krediti noti, kwa hiyo haifai kungoja mpaka mwisho wa mwaka wa hesabu. Kiasi kikiwa kimeandikwa pungufu, hati inayotumika ni debiti noti, ambayo huongeza.

Msimbo wa QR humsaidia pia anayelipa. Ukisomwa kwa simu, huonyesha taarifa za ankara kama zilivyo katika mfumo. Kiasi hicho kikitofautiana na kilichochapishwa au kuandikwa kwa kalamu, malipo yasimamishwe hadi muuzaji aeleze.

Hatua za mhazini kabla ya kulipa

Jambo la kwanza ni kutoigusa ankara kwa kalamu. Ankara ni hati ya muuzaji. Mnunuzi akikata tarakimu mwenyewe, hata kama anayoandika ni sahihi, anaongeza tabaka jingine lisilo na mwenyewe. Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, huhesabu kubadilisha hati bila idhini kuwa njia mojawapo ya kutengeneza hati ya uongo, na kufanya hivyo kwa nia ya kulaghai ni kosa la kughushi. Maoni ya mnunuzi yaandikwe kwenye karatasi tofauti na kubanwa pamoja na ankara.

Jambo la pili ni kuomba ankara mpya iliyo safi. Ankara mpya itaje namba ya ile ya zamani na kusema imechukua nafasi yake. Ya zamani iandikwe "IMEFUTWA" kwenye kurasa zote na kubaki kitabuni, kwa sababu namba za kitabu hufuatana na ukurasa ukikosekana utazua maswali. Bila maelezo hayo, kikundi kinaweza kujikuta kikidaiwa mara mbili, 67,000 kwa ankara moja na 62,200 kwa nyingine, kana kwamba ni manunuzi mawili.

Duka likisisitiza 63,100, kikundi kinaweza kulipa 62,200 zisizo na ubishi na kueleza kwa barua kwamba 900 za mbao zinapingwa kwa sababu kwotesheni inasema 45. Barua hiyo, ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha kiasi kilichotumwa, kwotesheni, hati ya kupokelea na picha ya nakala vihifadhiwe pamoja. Kwa mizozo mikubwa zaidi ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi Milimani mwaka 2021 na husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Karatasi atakazoulizwa mhazini huko ndizo hizohizo.

Kwa wanaoiuzia serikali

Wakazi wanaouza bidhaa kwa ofisi za umma hukutana na kanuni hii kwa ukali zaidi. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, bidhaa hukaguliwa na kupokelewa na kamati ya ukaguzi kabla ya malipo, na ankara hulinganishwa na oda pamoja na taarifa ya kamati hiyo. Aidha, bei ya mkataba haipandishwi katika miezi 12 ya kwanza tangu mkataba kutiwa sahihi. Muuzaji anayekata bei ya oda na kuandika ya juu zaidi kwenye ankara hapati nyongeza. Anachopata ni kuchelewa kulipwa, maana ankara yake italazimika kurudi. Ni afadhali aandike nyingine kabla ya kuiwasilisha.

Zoezi

Kampuni ndogo ya usafi imepeleka ankara kwenye jengo la makazi huko Lavington. Ankara inasema: kufanya usafi mara 12 kwa shilingi 2,500 kila mara. Kiasi kilichoandikwa kwanza ni 25,000. Kimekatwa kwa mstari mmoja na kuandikwa 30,000 juu yake, pamoja na herufi za jina na tarehe, na nakala ina sahihisho hilohilo. Daftari la mlinzi langoni linaonyesha wafanyakazi waliingia mara 12, na mkataba unasema 2,500 kila mara. Msimamizi wa jengo anasema atalipa 25,000, kwa sababu ndicho kiasi cha kwanza na sahihisho limemwongezea mteja gharama. Je, yuko sawa?

*Jibu:* Hayuko sawa. Idadi imethibitishwa na daftari na bei imethibitishwa na mkataba, na 12 mara 2,500 ni 30,000. Aliyekosea alizidisha kwa 10 badala ya 12, akaligundua kosa lake na kulisahihisha kwa njia inayotakiwa. Kiasi halali ni 30,000. Mama wa Kangemi analipa tarakimu ndogo kati ya zilizo kwenye ankara yake, na msimamizi wa Lavington analipa iliyo kubwa, kwa sababu moja: ndiyo inayoungwa mkono na mapatano na kazi iliyofanyika. Kama daftari lingeonyesha mara 11, hakuna hata kimoja kati ya viasi hivyo viwili ambacho kingesimama. Mara 11 kwa 2,500 ni 27,500, na msimamizi angepaswa kuirudisha ankara ili kampuni iandike upya.